Milimita Themanini na Nne

Tusidanganyane: Mama Rula ndiye aliyemleta wifi yake ofisini. Hakuna aliyemshika mkono. Mumewe alimbembeleza wiki mbili nzima, "Mke wangu, mdogo wangu amemaliza chuo cha uchoraji wa majengo, anakaa bure tu nyumbani, mwombee kwa bosi wako," naye akamwombea. Kwa hiyo baadaye roho ilipoanza kumchoma hakuwa hata na mtu wa kumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati. Chumba cha mbele alikaa mkandarasi, mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano ambayo haivui hata akinywa chai, ndiyo maana mafundi walimwita Bosi Kofia. Chumba cha nyuma kilikuwa cha makadirio: meza ndefu, dirisha moja, kabati la ramani, na kiti chenye mto wa kijani ambacho Mama Rula alikikalia kwa miaka kumi na tisa. Mteja akileta ramani ya nyumba, Mama Rula anaitandaza mezani, anatoa rula yake ya pembe tatu, anachonga penseli, na ikifika adhuhuri anajua nyumba ile itakula matofali mangapi na zege kiasi gani. Jina hilo hakupewa bure. Mafundi walikuwa wakisema mama yule akikukazia macho, ujue anapiga hesabu utajengwa kwa matofali mangapi.

Basi wifi akaja. Msichana mwembamba, mpole, salamu mdomoni muda wote, "Shikamoo wifi, umeamkaje wifi, nikubebee mkoba wifi." Bosi akamnunulia kompyuta mpya na kumwekea meza ndogo pembeni, na kwa kuwa mkono wake hautoki kwenye kile kipanya cha kompyuta, wiki haikuisha mafundi wakawa wanamwita Kipanya. Alicheka. Mama Rula alipopewa jina lake alinuna mwezi mzima, huyu anacheka!

Na si kwamba hakuwa anajua kazi. Angekuwa mjinga Mama Rula angempenda kama mwanawe. Siku moja walipewa kibanda cha mlinzi wapige hesabu ya ukuta, kazi ya kujipimia tu. Kipanya akazungusha mstari kwenye ukuta wa nje, mashine ikampa urefu. Akakunja uso.

"Wifi, hesabu yako ni fupi kuliko yangu kwa sentimita themanini. Nimekosea wapi?"

Mama Rula alijua amekosea wapi. Ukipima ukuta kwa ukingo wa nje kuzunguka nyumba, kila kona unaihesabu mara mbili, na kona ni nne, na ukuta una unene wa sentimita ishirini. Toa mara nne ya unene, ndipo unapata urefu wa kweli wa ukuta, ule wa katikati. Jambo hilo yeye mwenyewe alifundishwa kwa makofi ya mgongoni na fundi mmoja mkali, baada ya kuagiza matofali ya ziada mwaka mzima. Akatabasamu tu.

"Fikiri," akamwambia.

Kipanya akafikiri. Haikupita hata nusu saa, akausogeza ule mstari ndani kwa nusu ya unene wa ukuta, sentimita kumi kila upande, ukapita katikati kabisa, mashine ikatoa namba ile ile ya kwenye daftari la Mama Rula. "Kumbe ni kona!" akapiga kelele, akaruka, akamkumbatia wifi yake. Mama Rula akakumbatiwa huku mikono yake imening'inia. Mwaka mzima yeye, nusu saa huyu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe akirudi anauliza, "Mdogo wangu anaendeleaje?" kabla hajauliza habari za mkewe. Mama mkwe akipiga simu anasema, "Mwanangu ana kichwa yule, alirithi kwa marehemu babake." Mama Rula anaitikia, "Ndiyo mama, anajitahidi," kisha anakwenda jikoni kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Roho ya kwa nini ilikuwa imehamia kwake na vyombo vyake vyote. Kwa nini yeye? Kwa nini anapendwa bila kutoa jasho? Hata lile tabasamu lake, kwa nini halichoki usoni?

Ndipo ikaja kazi ya nyumba arobaini.

Mwenye mradi alitaka nyumba ndogo za aina moja, arobaini, ramani ile ile, kwenye uwanja mmoja nje ya mji. Kwanza ijengwe moja ya mfano. Ikienda vizuri, Bosi Kofia anapeleka makadirio ya zile thelathini na tisa, anasaini, na kampuni yake inaacha kuhangaika na vibanda vya walinzi. Bosi akawaita wote wawili chumba cha mbele. Kofia ilikuwa imekaa upande, dalili ya furaha.

"Kila mtu apige hesabu yake ya nyumba ya mfano," akasema. "Zege la msingi, matofali, zege la sakafu. Nitachukua hesabu moja tu, na nitaagizia vifaa kwa hesabu hiyo. Ikikubaliana na ardhi, mwenye hesabu hiyo ndiye atakayekaa kile kiti cha kijani kwa mradi wote. Mwingine atashuka stoo."

"Stoo kufanya nini?" akauliza Mama Rula.

"Kuhesabu misumari, mama. Mishahara miwili ya makadirio siiwezi."

Miaka kumi na tisa, kisha misumari! Mama Rula akarudi chumbani akakigusa kile kiti kama mtu anayemgusa mtoto kujua kama ana homa.

Ramani zilitoka kwa mchoraji wa ofisi nyingine. Zilikuja namna mbili: karatasi kubwa zilizochapwa, ambazo Mama Rula alichukua nakala yake na msimamizi wa mafundi kule kiwanjani akachukua yake, na faili la kompyuta, ambalo Kipanya alifungua kwenye mashine. Wakainama kila mtu mezani kwake. Mama Rula alisoma namba zilizoandikwa kwenye karatasi: urefu wa nyumba 9600, upana 7200, kwa milimita. Kipanya alizima tabaka la vipimo ili namba na mishale isimzibie kuta, akawa anapima mistari yenyewe kwa mashine. Siku ya pili wote wakapeleka majibu. Kila mmoja aliandika jumla tu, maana Bosi Kofia hakuwa na subira ya kusoma zaidi ya mistari mitatu.

Zilipishana kila mahali. Msingi walipishana kidogo, matofali walipishana zaidi, na zege la sakafu ndilo lililopiga kelele: Mama Rula alisema mita za ujazo saba na nusu, Kipanya alisema sita na nusu.

Bosi akaziangalia karatasi mbili, akacheka. "Mama Rula, nakujua. Wewe kila siku unaongeza chumvi ili usiaibike."

"Nimeongeza asilimia tano ya kupotea, kama siku zote."

"Na huyu?"

"Na mimi asilimia tano, bosi," akasema Kipanya kwa upole.

"Basi asilimia zenu ni moja, lakini mmoja wenu amepima kwa penseli na mwingine kwa mashine. Mashine haina woga. Tunaagiza kwa hesabu ya Kipanya." Akasaini pale pale. "Lori la zege la sakafu liletwe mita sita na nusu."

Mama Rula alitoka mle akiwa ameshika karatasi yake kama mtu aliyefukuzwa na nguo zake. Hakulia. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, ambacho sasa kilikuwa chake kwa kuazima tu, akaitandaza ramani ili atafute amekosea wapi. Alijumlisha upya. Hakuna kosa. Akajumlisha mara ya tatu. Hakuna. Kisha, kwa mazoea tu, akaweka rula ya pembe tatu juu ya mstari wa ukuta mrefu, upande wa skeli ya moja kwa mia, ambapo milimita moja ya karatasi ni milimita mia za ardhi.

Nyumba ya mita tisa na sentimita sitini ilipaswa kuwa na milimita tisini na sita kwenye karatasi. Ilikuwa na themanini na nne.

Akaisogeza rula, akaifuta kwa kanga, akapima tena. Themanini na nne. Upana ulikuwa sawasawa, sabini na mbili. Vyumba vya kulala sawa. Sebule ndiyo iliyokuwa fupi, na ilikuwa fupi kwa mita moja na sentimita ishirini kamili.

Hapo akakumbuka. Miezi miwili nyuma, kabla Kipanya hajaja na mradi ukiwa bado maneno tu, walikaa kikao na msimamizi wa mwenye mradi, mama mmoja mrefu mwenye buti safi, akasema sebule ni finyu, irefushwe kwa mita moja na sentimita ishirini. Mchoraji akasema sawa. Sasa Mama Rula aliona alivyofanya yule mvivu! Hakuuvuta ukuta. Alibofya ile namba ya kipimo, akafuta 8400, akaandika 9600 kwa mkono juu yake, akaenda zake kula. Namba ikarefuka, mstari ukabaki mfupi. Anayesoma namba anajenga nyumba moja, anayepima mstari anajenga nyingine, na iliyotakiwa ni ile ya namba. Sheria ya kazi yao ni hiyo tangu zamani: namba iliyoandikwa ndiyo neno, mstari ni picha. Sheria hiyo hakuwahi kumfundisha wifi yake. Alikuwa ameiweka akiba.

Kwa penseli akaandika kando ya ule mstari: "84?" Na chini yake akaweka tarehe, maana hawezi kuandika kitu bila tarehe, ni ugonjwa wake.

Akainuka aende kwa Bosi. Kweli, aliinuka. Alifika hadi mlangoni. Ila pale mlangoni alisikia kicheko cha Bosi, na Bosi akisema, "Kipanya, mwanangu, umenifungua macho," na Mama Rula akarudi akaketi. Akaikunja ramani mara nne, akaitia kwenye droo.

Jioni ile Kipanya alimjia na vikombe viwili vya chai. Akaweka kimoja mbele ya wifi yake.

"Wifi, mimi sina raha. Wewe hukosei kwa mita nzima ya zege. Tukae tulinganishe mstari kwa mstari, tuone tumeachana wapi. Nikiwa mimi ndiye niliyekosea, nitamwambia bosi mwenyewe."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, ndugu yangu. Neno moja tu lilitosha: washa tabaka la vipimo. Mama Rula akanywa chai, akaipuliza, akanywa tena. Ilikuwa tamu, na sukari ilikuwa kipimo chake hasa, vijiko viwili na nusu. Hata hilo anajua!

"Kulinganisha nini?" akasema. "Si mashine haikosei?"

Kipanya akamtazama kidogo. "Haya, wifi," akasema, akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Kiwanjani, msimamizi wa mafundi, mzee mwenye sikio moja zito, alikuwa amekwisha piga kamba. Yeye anasoma namba za karatasi kama walivyosoma mafundi wote kabla yake, kwa hiyo alichimba msingi wa mita tisa na sentimita sitini, na hakuwa na sababu ya kushangaa. Zege la msingi lilipomwagwa likamalizika toroli chache kabla ya mwisho. Akakopa mifuko miwili ya saruji iliyobaki stoo, akakwangua kokoto zote zilizokuwa chini, akamaliza. Matofali ya msingi yakafika hadi lile la mwisho kabisa, hakikubaki hata kipande cha kuzuilia mlango. "Hesabu kali hii," akasema mzee, kwa sifa. Ile asilimia tano ya kupotea ilikuwa imelimeza kosa lote kimya kimya.

Mama Rula alikwenda kiwanjani siku hiyo, akatembea kando ya msingi kwa hatua zake anazozijua. Tisa na ushee. Akajua. Msingi na matofali vilisamehewa kwa sababu vilikosa kidogo, lakini sakafu haitasamehewa. Sakafu inapungua kwa eneo zima: mita moja na sentimita ishirini, mara upana wa saba na ishirini, mara unene wa sentimita kumi. Akapiga hesabu kichwani bila kutaka. Asilimia tano haiwezi kuliziba pengo lile. Moyo ukamdunda, nusu kwa hofu na nusu, Mungu amsamehe, kwa hamu.

Siku ya sakafu lori la zege lilikuja saa nne asubuhi. Bosi Kofia alikuwepo, msimamizi wa mwenye mradi alikuwepo na buti zake safi, Kipanya alikuwepo na kitabu chake cha kumbukumbu, Mama Rula alikuwepo kwa sababu asingeweza kukosa. Mafundi walianzia vyumba vya kulala, wakaja jikoni, wakaingia sebuleni, mmoja anamwaga, mmoja anasawazisha kwa ubao mrefu, zege linang'aa kama uji. Kisha pipa la lori likazunguka likitoa sauti ya utupu. Dereva akashuka, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Limekwisha."

Mwisho wa sebule, kutoka ukuta hadi ukuta, ilibaki wavu wa chuma juu ya nailoni. Zaidi ya nusu mita ya upana, tupu.

"Changanyeni la mkono!" Bosi akafoka.

"Kwa kokoto gani, bosi?" akajibu mzee. "Tulikwangua zote kwenye msingi. Lori la kokoto ni kesho."

Simu zikapigwa. Kiwanda cha zege kikasema magari yote yametoka, labda kesho asubuhi. Jua linawaka, zege linaanza kukaza. Mzee hakungoja. Akachukua ubao, akausimamisha pale zege lilipoishia, akalikata lisimame wima, ili kesho waukwaruze ukingo ule, waulowanishe, waupake uji wa saruji, na ndipo waunganishe. Ndivyo inavyofanywa zege likikatika, wala hakuna njia nyingine. Lakini kiungo kiko ndani ya sebule ya nyumba ya mfano, na kiungo cha namna hiyo ndipo ufa unapopenda kuanzia.

"Hii ndiyo nyumba ya mfano?" akauliza mama wa buti, polepole. "Na zile thelathini na tisa zitakuwaje?"

Bosi Kofia akageuka. Uso wake ulikuwa umeiva. "Kipanya!"

Kipanya alikuwa amekwisha toa futi ya mkononi, amepima urefu wa sakafu kwa mikono yake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Ni mita tisa na sitini," akasema. "Mimi nilipima nane na arobaini. Sikuziwasha namba, bosi. Kosa ni langu."

"Tofali je? Kwenye kuta za juu utanikosesha mangapi?"

Kipanya akafunga macho. "Kozi kumi na tatu za tofali kwenda juu, kila kozi sita… sabini na nane. Kwa nyumba moja."

"Mara arobaini!" Bosi akapiga paja. "Elfu tatu mia moja na ishirini! Ningesaini Jumatatu, ningefilisika huku nacheka! Shuka stoo. Leo hii hii. Mama Rula, kiti ni chako, nilikukosea mbele ya watu na nakuomba radhi mbele ya watu. Kipanya, lete ramani ya wifi yako, nimwonyeshe mama hapa kwamba tuna hesabu sahihi."

Sasa hapo Mama Rula alipaswa kufurahi, na alifurahi, kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha akakumbuka kilichoandikwa kwenye ile ramani.

Asubuhi ile alikuwa ameitoa kwenye droo akaitia mkobani, na mkoba ulikuwa kwenye kibanda cha stoo pale kiwanjani. Alikimbia, mtu mzima, kanga inamfunguka, lakini miguu ya wifi yake ni ya ujana. Alipofika mlangoni, Kipanya alikuwa ameitandaza ramani juu ya mifuko mitupu ya saruji, kidole chake kimesimama kando ya ule mstari mrefu. "84?" Na chini yake tarehe. Jumanne ya wiki iliyopita, ile siku ya chai.

Nje Bosi alikuwa akiita, "Mbona mnachelewa?"

Mama Rula alingoja matusi. Alikuwa tayari nayo, tena aliyataka, maana angetukanwa na yeye angejibu, na wakishatukanana wangekuwa sawa. Kipanya akainua uso. Macho yalikuwa mekundu. Akafungua kikoba chake cha kalamu, akatoa kifutio, akafuta ile 84, akafuta alama ya kuuliza, akafuta tarehe, taratibu, asichubue karatasi. Akapuliza vumbi. Akaikunja.

"Kaka asijue," akasema. "Wala mama. Wataumia."

Akampita mlangoni, akaenda nje na ramani safi mkononi.

Mama Rula alibaki amesimama kati ya makarai. Ameshinda! Kiti ni chake, sifa ni zake, ushahidi umefutwa na mkono wa adui mwenyewe. Lakini ushindi haukukaa. Maana aliliona jambo lote kwa mara moja, kama anavyoiona nyumba nzima katika karatasi: kuanzia leo, kila atakapokaa juu ya ule mto wa kijani, atakuwa ameukalia kwa hisani ya yule mtoto. Atakula naye sahani moja kwa mama mkwe, na yule mtoto atatabasamu, na ataujua ukweli, na hatausema. Kichwa anacho. Ujana anao. Mapenzi ya watu anayo. Na sasa na wema pia auchukue? Wote? Asimwachie mwenzake hata chembe?

"Hapana," Mama Rula akasema kwa sauti, peke yake. "Weee! Hata hili? Hanipiti."

Akatoka mbio. Bosi Kofia alikuwa tayari ameitandaza ramani juu ya kifuniko cha pipa, anamwonyesha mama wa buti 9600 kwa kidole kinene. Mama Rula akajipenyeza katikati yao, akachomoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati la Bosi, akaandika pale pale palipofutwa, kwa herufi kubwa: 84. Akaweka na tarehe.

"Nini hii?" akauliza Bosi.

"Hii ndiyo milimita niliyopima kwa rula yangu Jumanne iliyopita, baada ya wewe kusaini. Mchoraji alibadili namba hakuvuta mstari. Niliijua. Niliandika hapa, mtoto huyu ameifuta sasa hivi ili aniokoe. Aliniomba tulinganishe, nikamkatalia."

"Wifi!" Kipanya akamshika mkono.

"Niache, niseme." Akamgeukia Bosi. "Nilimwonea wivu. Nilitaka aumbuke. Nilimwona anazama nikakaa kimya, na sakafu yako nikaiua. Haya, nimemaliza."

Mzee mwenye sikio zito akaomba arudiwe, hakuna aliyemrudia. Bosi Kofia akafanya jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliona: akaivua kofia. Kumbe kichwani alikuwa na kipara cha mviringo, kidogo, cha huzuni.

"Miaka kumi na tisa, mama," akasema.

"Miaka kumi na tisa," akaitikia Mama Rula, na hapo ndipo alipolia.

Jumatatu alishuka stoo. Hakuna aliyemlazimisha kwa maneno mengi. Kitabu cha misumari kilikuwa mezani na alijua ni chake. Mumewe alijua yote, hakumfokea, alisema tu, "Mdogo wangu analia kwa ajili yako," jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo. Asubuhi alihesabu misumari ya inchi tatu. Mchana akahesabu ya inchi nne.

Saa tisa alasiri akasikia hatua kwenye ngazi. Kipanya, ramani kubwa kwapani, ile mpya ambayo mchoraji ameirekebisha kwa kuvuta ukuta, na kwenye mkono mwingine vikombe viwili vya chai. Akasukuma misumari pembeni, akatandaza.

"Shikamoo wifi. Nimewasha tabaka zote. Nimelinganisha kila namba na mstari wake. Nimepata zege la sakafu mita sita nukta tisa moja, na asilimia tano inakuwa saba na robo, kwa hiyo tuagize saba na nusu. Lakini sipeleki kwa bosi mpaka wewe uweke rula."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ni sheria yangu mpya. Ramani yoyote, rula yako kwanza."

Mama Rula akajifuta mikono kwenye kanga. Rula ya pembe tatu ilikuwa mfukoni, hakuwa amewahi kuiacha. Akaiweka juu ya ukuta mrefu: tisini na sita. Akaiweka kwenye upana: sabini na mbili. Akapima sebule, vyumba, jiko, hadi ukuta wa choo, akirudia, akitafuta, macho yamesinyaa, akitamani apate hata milimita moja. Kipanya alisubiri, kikombe mkononi, bila haraka.

Kila mstari ulikubaliana na namba yake. Hakukuwa na kosa popote.

"Sawa," akasema Mama Rula, akaweka tarehe. Loo, roho ilivyomuuma! Akavuta kikombe chake, akanywa. Vijiko viwili na nusu.